Uzi: Nina gramu 260 za dhahabu kwenye programu ya simu. Nimepata orodha ya vinoo vyao, njooni tuisome pamoja

Tumaini_K
Wakuu, habari za leo. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikinunua dhahabu kidogo kidogo kupitia programu ya simu, na nimefikisha gramu 260. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu sijui bado kama wana kosa.

Ukurasa wao wa mbele umeandikwa "kila gramu ina dhahabu halisi nyuma yake, asilimia 100". Mwezi huu niliwaandikia nikaomba ushahidi. Wamenitumia vitu viwili: orodha ya vinoo na taarifa ya wahasibu ya Machi 31. Orodha ina vinoo 14 vya kilo moja moja, kila kimoja kina jina la kiwanda kilichokisafisha, namba yake, uzito na usafi wa 999.9 kwa kila 1,000. Taarifa ya wahasibu inasema siku hiyo wateja walikuwa wanadai gramu 13,120. Kwa hiyo vinoo vinazidi madai kwa gramu 880.

Nilikuwa nimeridhika, mpaka nilipofungua programu leo, Mei 24. Chini kabisa kuna mstari unaosema "jumla ya gramu za wateja wetu: 15,460". Vinoo ni 14,000. Hizo 1,460 ziko wapi? Au mimi ndiye sijui kusoma?

Shebe
Shikilia hapo hapo ndugu yangu, usiuze. Bei ya dhahabu bado inapanda, ukiuza sasa utajuta.

Tumaini_K
Asante Shebe, lakini sijauliza bei. Nimeuliza kama dhahabu ipo.

Jabali77
Kosa lako ni kutumia akaunti za kampuni. Hamia kwenye tokeni za dhahabu zilizo kwenye blokcheni. Huko kila kitu kiko wazi, idadi ya tokeni inaonekana na kila mtu na haiwezi kughushiwa. Blokcheni haidanganyi.

Halafu angalia vizuri orodha yako. Rafiki yangu alikuta namba moja imejirudia kwenye vinoo viwili. Ukiona hivyo, jua umepigwa.

Tumaini_K
Umenishtua Jabali. Nimerudi kuangalia, na kweli kinoo cha 5 na cha 11 vina namba zinazofanana herufi kwa herufi!

Mizani
Tumaini, tulia kwanza. Nimefanya hesabu za ghala la madini kwa miaka 11, ngoja nikuambie ninavyoisoma orodha kama hiyo.

Namba ya kinoo haisimami peke yake. Kila kiwanda kina mfululizo wake, na vipo vinavyoanza upya kila mwaka. Kwa hiyo usilinganishe namba na namba. Linganisha kiwanda, mwaka na namba kwa pamoja. Vinoo vyako viwili vimetoka kiwanda kimoja?

Tumaini_K
Hapana. Cha 5 ni cha kiwanda kimoja, cha 11 ni cha kingine kabisa. Uzito ni ule ule, kilo moja.

Mizani
Basi hapo hakuna wizi. Vitu vitatu vikilingana vyote, kiwanda, mwaka na namba, hapo ndipo unapoanza kuuliza kwa sauti. Kwa vinoo vikubwa vya soko la London unapata msaada zaidi, maana havilingani uzito. Kinaruhusiwa kuwa na wakia 350 hadi 430 za dhahabu safi, kwa hiyo kila kinoo kina uzito wake. Mfano, kinoo cha wakia 404.250 chenye usafi wa 995.7 kinahesabiwa kuwa na wakia 402.512 za dhahabu safi. Mtu anayetunga orodha kichwani hujisahau akaweka uzito wa namba kamili, au akaandika uzito mzima kana kwamba wote ni dhahabu safi. Kilo zako hazikupi nafasi hiyo, zote zinafanana.

Swali langu kwako ni jingine: orodha hiyo imeandikwa na nani? Ina kichwa cha barua cha nani?

Tumaini_K
Ni jedwali tu lenye nembo ya kampuni yenyewe ya programu.

Mizani
Hapo ndipo penye udhaifu. Kampuni inakuambia kile inachosema inacho. Orodha yenye uzito ni ile inayotolewa na mwenye ghala, kwa jina lake, ikieleza vinoo hivi vimewekwa kwa akaunti ya nani. Neno "kwa akaunti ya nani" ni kubwa kuliko idadi ya vinoo. Kama ghala linasema ni mali ya kampuni, mfilisi akija atazikuta ni mali ya kampuni. Kama linasema zimetunzwa kwa niaba ya wateja wa kampuni, na mkataba wako unasema hivyo hivyo, una hoja ya kusimama nayo.

Tazama pia wahasibu walifanya nini hasa. Tafuta sentensi inayosema walikwenda ghalani wakahesabu, au walilinganisha tu na barua waliyopewa.

Tumaini_K
Nimeipata. "Tumelinganisha idadi ya vinoo na uthibitisho wa maandishi uliotolewa na uongozi." Uongozi! Si hata mwenye ghala.

Mizani
Basi wahasibu hawajaona dhahabu. Sisemi haipo. Nasema karatasi hiyo haikuthibitishii ipo.

Tuje kwenye 1,460. Taarifa ni picha ya siku moja, Machi 31. Kati ya siku hiyo na leo watu wamenunua. Kama vinoo havijaongezeka na leo wakafilisika, na wateja wote wakagawana sawasawa, 14,000 kwa 15,460 ni kama asilimia 90.6. Katika gramu zako 260 ungepata kama 235, kabla ya gharama za mfilisi. Waandikie uwaulize: 1,460 mlizinunua lini, kwa nani, na sasa hivi zimekaa wapi?

MamaNuru
Samahani naingilia. Mimi nina tokeni za dhahabu 2.5, zile za Pax Gold. Walisema ukiweka anwani ya pochi yako kwenye tovuti yao unaonyeshwa kinoo chako. Nimeweka, hakuna kitu. Nimekaa na presha siku tatu.

Jabali77
Mama, ulizinunua wapi? Ziko kwenye pochi yako mwenyewe au umeziacha kwenye soko la mtandaoni ulikonunulia?

MamaNuru
Ziko huko huko sokoni, sijawahi kuzihamisha.

Mizani
Ndiyo sababu, mama. Kwa mtoaji wa tokeni, mmiliki ni pochi ya soko hilo. Wewe hujulikani. Soko limekuandikia kwenye daftari lake kwamba linakudai... nisahihishe, kwamba wewe unalidai tokeni 2.5. Kinoo chaweza kuwapo London kimekamilika, lakini kati yako na kinoo kuna watu wawili, na wa karibu zaidi ni soko.

Ukizihamisha kwenye pochi yako utaona kinoo. Usishangae: 2.5 ni wakia mbili na nusu, gramu 77.8 hivi, na kwenye kinoo kama kile nilichotaja ni sehemu ya asilimia 0.62 tu. Mmeshirikiana kinoo na watu wengi.

MamaNuru
Afadhali umenieleza mwanangu. Sasa nikitaka hicho kipande changu wananikatia?

Mizani
Hapana, mama. Hakuna anayekata kinoo. Kupokea kinoo chenyewe kutoka Pax Gold kunaanzia tokeni 430, kwa sababu kinoo kikubwa kabisa kinachoruhusiwa kina wakia 430, na ziada unarudishiwa. Chini ya hapo kwa kawaida unauza upokee fedha. Kwa mtu wa kawaida, maana ya "unaweza kuchukua dhahabu yako" ni kwamba kuna mnunuzi mkubwa mahali fulani anayeweza kuichukua, na huyo ndiye anayeifanya bei ya tokeni isiachane sana na bei ya dhahabu. Siku huyo akishindwa au akichelewa, tokeni inaelea yenyewe. Wikendi utaiona: soko la dhahabu limefungwa, tokeni zinaendelea kuuzwa. Jumamosi ya Aprili 13, 2024, Iran ilipoishambulia Israel, wauzaji wa tokeni za dhahabu waliadimika na bei ikaruka juu mno kuliko ilivyofungwa Ijumaa.

Jabali77
Bado nasimama na blokcheni. Idadi ya tokeni haifichwi. Kwa akaunti ya Tumaini, ile 15,460 ni kampuni imeandika tu, inaweza kuandika chochote.

Mizani
Hilo umesema kweli kabisa, na ni faida halisi. Mtu yeyote anaweza kuuliza mnyororo, yaani blokcheni yenyewe, kuna tokeni ngapi zote, akajibiwa kwa mfano hivi:

```
totalSupply() -> 402512000000000000000
```

Tokeni za Pax Gold zina desimali 18, kwa hiyo hiyo ni wakia 402.512, kinoo changu cha mfano. Upande mmoja wa mizani unauona saa yoyote. Ila upande wa pili, wa ghala, uko nje ya mnyororo. Mnyororo haujui kama kinoo kimetoka jana usiku. Unarudi pale pale: barua ya ghala, wahasibu, na sheria inayombana mtoaji. Paxos, wanaotoa Pax Gold, ni kampuni ya udhamini iliyo chini ya msimamizi wa fedha wa serikali, na masharti yao yanasema mwenye tokeni ndiye mwenye dhahabu. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ni nguvu ya sheria.

Na usiseme hakuna anayeweza kuigusa. Fungua programu inayoendesha tokeni hiyo usome: kuna `pause`, kuna `freeze`, kuna `wipeFrozenAddress`. Mtoaji anaweza kuifungia anwani na kufuta kilichomo. Wameweka kwa ajili ya amri za serikali, lakini ipo.

Jabali77
Hiyo ya kufuta sikuijua. Nitaisoma.

Tumaini_K
Wakuu nimerudi. Kampuni wamejibu baada ya siku nne. Nanukuu: "Gramu zilizozidi zimeshanunuliwa kwa mfanyabiashara wa jumla na zinasubiri kuhamishiwa ghalani katika utaratibu wetu wa kila wiki."

Mizani
Utaratibu wa kila wiki, na taarifa ni ya Machi 31. Kati ya hapo na Mei 24 zimepita wiki saba na zaidi. Kama ni kila wiki, orodha yako ilitakiwa iwe na vinoo zaidi ya 14 sasa. Orodha ni ya tarehe gani?

Tumaini_K
Orodha ni ya Mei 20.

Mizani
Basi jibu lao halijakaa sawa. Na hata kama lingekaa, dhahabu iliyo kwa mfanyabiashara wa jumla huwa mara nyingi haijatengwa, hakuna kinoo chenye namba, ni salio tu. Huyo akifilisika, kampuni yako ni mdai kama wadai wengine, na wewe unaidai kampuni. Tumaini, nisaidie: kuna mpango wowote wa faida kwenye hiyo programu?

Tumaini_K
Upo. Unaitwa "Akiba ya Faida". Wanalipa asilimia 3 kwa mwaka, tena kwa gramu za dhahabu. Mimi nimeweka humo gramu 180 kati ya 260 zangu. Kwa mwaka napata gramu 5.4.

Sonara
Naomba niseme, maana hapa mmefika nyumbani kwangu. Dhahabu haizai. Ukiiweka kabatini miaka kumi, unaikuta ile ile. Hiyo asilimia 3 inalipwa na mtu, na mara nyingi mtu mwenyewe ni sisi masonara.

Mimi hukopa dhahabu. Nachukua gramu 500, nalipa ada, na muda ukifika narudisha gramu 500. Inanifaa kwa sababu sibebi hatari ya bei kupanda na kushuka. Lakini elewa kinachotokea siku naipokea: naiweka kwenye chungu cha kuyeyushia siku hiyo hiyo, nachanganya na shaba na fedha iwe ya karati 18, natoa waya, nakata pete. Namba iliyogongwa kwenye kile kinoo imeyeyuka. Baada ya wiki dhahabu ya yule mtu iko kwenye vidole vya watu, iko kwenye vumbi la meza yangu, na iliyobaki ni deni langu tu. Mimi nalipa. Nawajua wenzangu walioshindwa kulipa.

Mizani
Asante sana Sonara, hakuna kitabu kinachoeleza hivyo.

Tumaini, rudi kwenye taarifa ya wahasibu. Tafuta maelezo madogo chini ya ile 13,120. Kuna nyota au namba?

Tumaini_K
Ipo namba 2. Maandishi madogo mno, nimeyakuza: "Haijumuishi salio la wateja waliojiunga na Akiba ya Faida."

Nimesoma na masharti ya mpango wenyewe. "Mteja anaihamishia kampuni umiliki wa dhahabu iliyowekwa katika mpango, na kampuni inaweza kuikopesha, kuiweka rehani au kuitumia, na ina wajibu wa kurejesha kiasi kilekile." Nilibonyeza "nakubali" bila kufika hapo.

Mizani
Basi niifute hesabu yangu ya mwanzo. Nilikugawia gramu 235 kana kwamba wateja wote wako kapu moja. Makapu ni mawili. Vinoo 14 ni vya wale wa kuhifadhi tu. Zile 15,460 kwenye programu ni za wote, wa kuhifadhi na wa faida.

Kwa hiyo kwako: gramu 80 zina vinoo nyuma yake, kama barua ya ghala itathibitisha. Gramu 180 hazina kinoo hata kimoja. Nyuma yake kuna ahadi ya kampuni, na nyuma ya ahadi kuna masonara na wengine waliokopa. Kampuni ikianguka kesho, huendi kudai asilimia 90. Kwa 80 unaweza kupata zote, kwa 180 unapanga foleni na kila anayewadai.

Haya yalitokea wazi kwa Celsius. Walipokea sarafu za kidijitali, na tokeni za dhahabu pia, wakalipa faida. Juni 12, 2022 wakafunga milango, Julai wakaomba ulinzi wa mahakama. Januari 4, 2023 jaji akaamua kwamba vilivyowekwa kwenye akaunti za faida vilikuwa mali ya kampuni, kwa sababu masharti yalisema umiliki umehamishwa. Tatizo halikuwa vinoo vya tokeni hizo. Aliyekuwa ameziweka kwenye faida hakuwa tena mwenye tokeni.

Jabali77
Kwa hiyo heri kampuni isiyo na dhahabu kabisa, angalau unajua umeibiwa?

Mizani
Hapana, hilo ni baya kuliko yote. Bullion Direct ya Texas ilikuwa na wateja walioona salio la madini yao mtandaoni miaka na miaka. Ilipofilisika mwaka 2015, ghalani hapakuwa na kitu cha kulinganisha na yale madai, fedha zao zilikuwa zimetumika kuendesha kampuni. Na kuna e-gold iliyoanza mwaka 1996: dhahabu yao ilikuwapo, lakini kampuni ilishtakiwa mwaka 2007 kwa kuhamisha fedha bila leseni, na wateja wakasubiri miaka kupata haki yao. Ndiyo maana nauliza kila mara: ipo, ni yangu, na nani anaweza kunizuia nisiifikie?

MamaNuru
Mimi nahamishia zangu kwenye pochi yangu kesho. Kijana wangu atanisaidia kuandika kwenye karatasi yale maneno 12 ya kufungulia pochi.

Mizani
Fanya hivyo mama, lakini tuma kwanza tokeni 0.1 uone imefika, halafu zilizobaki. Hayo maneno yakipotea hakuna mtu wa kumpigia simu.

Shebe
Kwani hiyo faida ya asilimia 3 ni mbaya? Benki nazo zinakopesha hela zetu.

Sonara
Si mbaya ukijua umekopesha. Tumaini alidhani amehifadhi.

Mizani
Na benki katika nchi nyingi ina bima ya amana hadi kiwango fulani. Gramu za dhahabu kwenye programu kwa kawaida hazimo katika bima hiyo.

Tumaini_K
Wakuu, mrejesho. Nimeomba kutoa gramu 180 kwenye mpango wa faida nirudi kwenye kuhifadhi. Masharti yanataka notisi ya siku 30, leo ni siku ya 19. Nimeomba pia niletewe kinoo cha gramu 100 notisi ikiisha, nione kama wanatoa. Ada ya kukitengeneza na kukisafirisha inakula karibu asilimia 4, nimekubali kuilipa.

Niliwauliza tena swali la Mizani: kati ya hizo 15,460, ngapi ziko kwenye mpango wa faida? Wamejibu kuwa ni siri ya kibiashara. Barua ya ghala wameniahidi, haijafika.

Mizani
Hiyo idadi wakikunyima, huwezi kujua kama waliohifadhi wamefika 13,900 au 14,600. Yaani hata zile 80 bado sina uhakika nazo. Tuwekee hapa jina la kiwanda, mwaka na namba ya kinoo kikifika, tuone kimetoka wapi.

Sonara
Kikifika kipime kabla hujasaini. Kama huna mizani ya vito, tafuta sonara akupimie ndani ya maji, dakika tano tu. Gramu 100 za dhahabu safi zinasukuma maji kama mililita 5.2. Zikisukuma 6, mrudishie aliyeleta.

Tumaini_K
Nimeandika 5.2. Nitaleta picha.